Salio linakosea ingawa nimetumia BEGIN na COMMIT

"Wakuu, natumia PostgreSQL. Watu wawili wakitoa pesa akaunti moja kwa pamoja, salio linakosea. Mbona BEGIN na COMMIT nimeweka?"

Mkuu, ngazi yako ya kawaida ya kutenganisha miamala ni READ COMMITTED. Hapo kila swali huona yaliyothibitishwa kabla halijaanza, na kusoma hakumzuii mwingine kusoma. Wote wawili wamekuta 10000. Wa kwanza katoa 3000, kaandika 7000. Wa pili katoa 2000, kaandika 8000 juu yake. Zile 3000 zimefutika bila kosa lolote kuonekana, na hilo ndilo la kuogopa. Funga mstari unaposoma:

```sql
SELECT salio FROM akaunti
WHERE id = 7 FOR UPDATE;
```

Wa pili atasubiri COMMIT au ROLLBACK ya mwenzake, ndipo asome: 7000 ikiwa ni COMMIT, 10000 ikiwa ni ROLLBACK. Ukichagua REPEATABLE READ badala yake, atapata kosa 40001 anapoandika: fanya ROLLBACK, urudie muamala wote kuanzia kusoma.