Kete iliyobanwa usikimbilie kuila

Ukianza kucheza chesi, mtu atakufundisha kubana kete ya mpinzani baada ya mechi chache tu. Kinachochelewa kufundishwa ni kazi ya kufanya baada ya kubana, na hapo ndipo wageni wengi wanapoiacha mali mezani.

Panga ubao hivi. Mweupe: mfalme g1, ngome e1, farasi c3, askari a2, b2, f2, g2 na h2. Mweusi: mfalme e8, ngome a8, farasi e5, askari a7, d6, f7, g7 na h7. Zamu ni ya Mweupe. Anza kwa mfalme wa Mweusi, ushuke naye kwenye safu ya e: mfalme, farasi, kisha ngome yako. Farasi yule hana ruhusa ya kuondoka, kwa sababu akiondoka mfalme wake anabaki wazi mbele ya ngome.

Mgeni akishaona hivyo, mkono unakwenda kwenye ngome: ale farasi. Askari wa d6 analipiza, na umetoa ngome yenye thamani ya 5 ukapata farasi wa 3. Swali la kujiuliza ni hili: nina kete gani ya bei ndogo ya kumshambulia huyu asiyeweza kukimbia? Jibu ni askari wa f2, anayesogea hadi f4. Mweusi afanye nini? Hata akimwondoa mfalme kwenye safu ya e, au akifanya kasoli upande wa malkia, farasi anakuwa huru wakati zamu imesharudi kwako, na askari wako anamla. Askari wa d6 akimla askari wako pale e5, ngome inamla naye. Umebaki na farasi mzima wa ziada.

Farasi aliyebanwa hivyo pia halindi kitu kwa kweli. Anaonekana analinda c4 na g4, lakini ukiweka kete yako hapo hawezi kuila. Kikomo kipo: mfalme wako mwenyewe bado haruhusiwi kukanyaga nyumba anazozitazama. Na kama aliyebanwa ni ngome, askofu au malkia, angalia kama anaweza kuteleza kwenye mstari uleule, pengine hata kumla anayembana.

Sasa jambo linaloumiza wengi. Kete iliyobanwa mbele ya malkia haijafungwa na sheria. Imefungwa na hofu ya hasara tu, na mpinzani akiona faida kubwa zaidi ataiondoa. Mfano maarufu una jina la Légal, mchezaji Mfaransa wa karne ya 18. Kwenye maandishi ya hatua, N ni farasi, B ni askofu, R ni ngome, x ni kula na + ni shahi; hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari:

```
1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6 5.Nxe5
```

Askofu wa g4 alikuwa amembana farasi mbele ya malkia wa d1. Farasi anaondoka hata hivyo. Mweusi akimla malkia, anapigwa Bxf7+, mfalme anakwenda e7 kwa kuwa hana pengine, kisha Nd5 na mchezo umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuitegemea kete uliyoibana, tazama nani yuko nyuma yake. Akiwa si mfalme, hesabu kila shahi ambayo kete hiyo ikiondoka inaweza kuleta.

Mshikaki ni mstari uleule, ila aliye mbele ndiye mwenye thamani kubwa. Anashambuliwa, analazimika kupisha, na wa nyuma analiwa. Mara nyingi mshikaki hauonekani ubaoni mpaka uutengeneze. Chukua mwisho huu wa mchezo: Mweupe ana mfalme h2, ngome a8, askari a7 na g2. Mweusi ana mfalme f7, ngome a2, askari g6. Askari wako amebakiza hatua moja awe malkia, ila ngome yako mwenyewe imemzibia. Ipeleke h8. Sasa unatishia kupata malkia. Ngome ya Mweusi ikimla askari wa a7, mfalme na ngome yake wamekaa kwenye mstari mmoja wa saba. Unacheza Rh7 kwa shahi, mfalme anapisha, unaila ngome. Asipomla, askari anafika a8, na ngome ikimla huko, yako inaila kutoka h8.

Jaribu tena huku mfalme wa Mweusi akiwa g7. Ngome ikienda h8, mfalme anaila palepale. Ndiyo maana anayejilinda kwa ngome nyuma ya askari wa aina hii humwacha mfalme wake akizunguka kati ya g7 na h7, na ukimwona anatoka hapo kwenda f7, angalia h8 kabla ya kitu kingine chochote.