Upotevu wa 0.5 na upotevu wa 55: maneno ya vipimo vya faiba

*Natafsiri mwongozo wa kusplaisi na kupima faiba kwa mafundi wa simu. Kamusi imenipa "upotevu" kwa karibu kila kipimo chenye dB, nami nikaliweka kote. Fundi aliyesoma rasimu anasema jedwali la konekta linajipinga: mstari mmoja unataka upotevu usizidi 0.5 dB, unaofuata unataka upotevu usipungue 55 dB. Nimerudi kwenye asilia, tarakimu ni zilezile. Nitumie maneno gani?*

Ndugu, tarakimu ziache kama zilivyo, na fundi wako mshukuru. Mistari hiyo miwili inapima mianga miwili tofauti, na neno moja limeifanya ionekane mmoja.

Ufuate mwanga wenyewe unapofika kwenye konekta. Sehemu kubwa inavuka kwenda mbele. Sehemu ndogo inashindwa kuvuka, kwa sababu viini vya faiba havikulingana sawasawa au kuna vumbi usoni mwa feruli. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, ambacho mita huandika `IL`, na hapo "upotevu" ni neno sahihi kabisa: 0.5 dB maana yake takriban asilimia 11 ya mwanga haikuvuka. Namba ikiwa ndogo, fundi anafurahi.

Kuna sehemu nyingine, ndogo zaidi, inayogonga mpaka wa kioo na kurudi ilikotoka. Mita huandika `RL`, na hapa ndipo kamusi ilipokuponza. Namba hiyo haisemi mwanga kiasi gani umerudi. Inasema mwanga uliorudi uko chini ya ule uliotumwa kwa umbali gani. Ikiwa 30 dB, sehemu moja katika elfu imerudi. Ikiwa 55 dB, zimerudi kama sehemu tatu tu katika milioni. Faiba iliyokatwa vizuri na kuachwa wazi hewani hurudisha asilimia 3 hadi 4 ya mwanga, na mita husoma 14 au 15 dB hivi, yaani namba ndogo kabisa kwa hali mbaya kabisa. Kwa hiyo namba kubwa ndiyo nzuri. Katika asilia jina lake limejengwa juu ya neno lilelile la kupotea, na anayelizoea hulielewa kwa sababu amefundishwa hivyo. Msomaji wako hajafundishwa, anachonacho ni sentensi yako.

Nimeona gharama yake. Niliwahi kuletewa mwongozo uliotafsiriwa ambao mtafsiri, akiona "upotevu usipungue 55", alidhani asilia imekosewa, akaisahihisha ikawa "usizidi 55". Fundi mmoja akapima pigiteli, kile kipande kifupi cha faiba chenye konekta upande mmoja, akapata 58, akaikata na kusplaisi nyingine. Ikatoka 59, akakata tena. Kila mara faiba ya akiba kwenye trei ilipungua. Konekta iliyosoma 41, ambayo uso wake ulikuwa na uchafu, aliipitisha bila wasiwasi. Alifuata maandishi neno kwa neno.

Pendekezo langu ni kuliondoa kabisa neno upotevu kwenye kipimo hiki na kuandika pengo la uakisi. Pengo ni umbali kati ya mwanga uliotumwa na mwanga uliorudi, na mtu yeyote anaelewa kwamba pengo kubwa ni umbali mkubwa. Mstari wako utasomeka: "Pengo la uakisi (RL) lisipungue 55 dB." Herufi za kwenye mita ziache kandoni kila mara, kwa kuwa fundi ataziona kwenye kioo na wala hatauona msamiati wetu. Mimi ningeongeza sentensi moja tu chini ya jedwali: namba kubwa ni nzuri.

Angalia pia safu ya `Reflectance` kwenye jedwali la OTDR, kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga ndani ya faiba na kusoma yanayorudi. Ni jambo lilelile kwa konekta moja, ila limeandikwa kwa alama ya kutoa: pengo la 55 dB linaonekana kama -55 dB. Hapo andika "kiwango cha uakisi", na epuka "kikubwa" na "kidogo", maana watu wawili watabishana kama -62 ni kubwa au ndogo kuliko -55. Andika "kiwango cha uakisi kiwe -55 dB au chini zaidi, kwa mfano -62", na ubishi umekwisha.

Neno la pili linalostahili jina lake ni lile la kufifia njiani. Mwanga ukisafiri ndani ya faiba hufifia kidogo kila kilomita, hata kama hakuna kiungo wala konekta. Liite ufifiaji, na usiliandike hata mara moja bila "kwa kilomita" na bila urefu wa wimbi. Kwa faiba ya modi moja, kikomo cha kupangia kazi mara nyingi huwa 0.35 dB/km kwenye 1310 nm, na kwenye 1550 nm hushuka hadi kati ya 0.20 na 0.25. Mtafsiri akiandika "ufifiaji usizidi 0.35 dB" na kuacha kilomita, fundi aliyepima njia nzima akapata karibu 4 dB ataanza kutafuta faiba iliyovunjika mahali ambapo hakuna kilichovunjika.

Tuchukue njia yenye urefu wa kilomita 8, splaisi 4 na konekta 2, ipimwe kwenye 1310 nm. Ufifiaji unachukua 8 × 0.35, ambayo ni 2.8 dB. Mwongozo ukiruhusu 0.1 dB kwa kila splaisi, hiyo ni 0.4. Konekta mbili kwa 0.5 kila moja ni 1.0. Jumla 4.2 dB, na hiyo jumla ndiyo naiita "upotevu wa njia unaoruhusiwa". Unaona maneno yanavyogawana kazi: ufifiaji ni wa faiba yenyewe, upotevu wa splaisi na wa konekta ni wa kila kiungo mahali pake, upotevu wa njia ni vyote vikijumlishwa. Fundi anayejua gawio hilo, akipata 5.6 dB badala ya 4.2, anajua kwamba 1.4 iliyozidi haikuletwa na urefu. Anakwenda kufungua boksi.

Sasa, fundi huyo anapataje namba yake? Anaunganisha chanzo cha mwanga na pawa mita kwa pachikodi moja ya rejea, anasoma tuseme -5.0 dBm, kisha anaingiza njia yenyewe na kusoma -8.9 dBm mwishoni. Tofauti ni 3.9 dB, iko ndani ya 4.2, njia imepita. Hapa asilia zinateleza zenyewe, zinaandika dB na dBm kana kwamba ni ndugu. Kwenye tafsiri zitenganishe kwa nguvu. Chenye dBm ni "kiwango cha nguvu", kitu ambacho kipo mahali fulani kwa wakati fulani. Chenye dB ni tofauti kati ya vitu viwili: upotevu, pengo. Ukikuta "upotevu wa -8.9 dBm" katika rasimu yako, sentensi hiyo imevunjika, hata kama asilia ndiyo iliyoanza.

Kwenye sura ya kusplaisi kuna mtego mmoja ambao ningependa uushughulikie kwa makini. Mashine ya kusplaisi ikimaliza kuyeyusha huonyesha namba kama 0.02 dB. Asilia huiita upotevu wa splaisi, na OTDR nayo ina upotevu wa splaisi. Lakini mashine haikupima mwanga uliovuka. Imetazama picha za kamera, jinsi viini vilivyokaa, ikakisia. Andika "upotevu uliokadiriwa na mashine" kwa ule wa kwanza na "upotevu uliopimwa" kwa ule wa OTDR. Fundi anayefikiri ni kitu kimoja atafunga boksi akiridhika na makadirio.

Na huo uliopimwa nao una jambo lake. Ukiunganisha faiba mbili ambazo upana wa eneo la mwanga ndani yake hautofautiani kwa mengi, lakini unatofautiana, OTDR kutoka upande mmoja inaweza kuonyesha splaisi inayozidisha mwanga. Hakuna splaisi inayozidisha mwanga. Kinachotokea ni kwamba faiba ya pili hurudisha nyuma mtawanyiko mwingi kuliko ya kwanza, na kifaa kinautafsiri kama ongezeko. Mimi naliita "ongezeko bandia". Dawa yake ni kupima kutoka pande zote mbili na kuchukua wastani: upande mmoja ukisoma 0.21 na mwingine -0.09, jumla ni 0.12, wastani 0.06 dB, na splaisi hiyo ni nzuri. Katika tafsiri lazima neno "wastani wa pande mbili" lionekane palepale kwenye kikomo cha 0.1, lisiachwe kwenye ukurasa wa nyuma. La sivyo splaisi yenye 0.21 itakatwa bure.

Kwa vifaa na vitendo usihangaike sana kubuni. Konekta, feruli, pigiteli, pachikodi, adapta, kliva: mafundi wanasema hivyo, waandikie hivyo. Vitenzi ndivyo vya kuchunga. Kuondoa tabaka la juu la faiba ni kumenya. Kliva haikati kama mkasi, inakwaruza kioo kisha kinavunjika kwa unyoofu, kwa hiyo andika "kata kwa kliva" na kamwe usiache "kata" peke yake, maana kuna hatua nyingine ambapo mkasi wa nyuzi za kevla ndio unaotakiwa. Mahali asilia inapotaka konekta ifungwe mwishoni mwa faiba, kamusi itakuletea "kusitisha" au "kukomesha". Andika "kufunga konekta". Na kwenye konekta zenyewe, taja rangi pamoja na herufi: SC/UPC ya buluu, SC/APC ya kijani. Uso wa APC umesuguliwa kwa mshazari wa digrii 8. Ukichomeka ya kijani kwenye ya buluu nyuso hazigusani vizuri, upotevu unapanda na pengo la uakisi linaanguka, na nyuso zinaweza kuharibika. Fundi aliye juu ya ngazi anaona rangi kabla hajasoma herufi.

Ukimaliza kusahihisha, mrudie fundi wako na karatasi yenye masomo manne bila maelezo: `IL 0.3`, `RL 38`, `RL 61`, na splaisi yenye 0.18 kutoka upande mmoja tu. Mpe jedwali lako jipya, mwache aamue kipi kipite. Akipitisha la kwanza na la tatu, akakataa la pili, kisha akasema la nne hawezi kuliamua mpaka apime upande wa pili, jedwali liko tayari kwenda mtamboni.