Sindano moja, siku sitini: vile mimi hufundisha vijana wangu kuhusu pufya

Nimefundisha riadha vijana wa sekondari huku Bonde la Ufa kwa miaka kadhaa, na mwanzoni somo langu la pufya lilikuwa la bure kabisa. Nilikuwa nawaambia tu msitumie dawa haramu, wanaitikia "ndiyo kocha", tunaenda mazoezi. Shida ni kwamba kijana wa miaka 16 akisikia pufya anawaza EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na mastaa wa marathoni, hawazi kemisti ya pale stejini.

Kilichonibadilisha ni msichana mmoja wa mita 3,000. Alikuwa analalamika muundi unauma, halafu Jumatatu moja akaja anakimbia kama hajawahi kuumwa. Nikamuuliza umefanya nini, akasema, "Mama alinipeleka kliniki nikadungwa sindano ya maumivu, kocha." Sindano gani? Hajui. Imedungwa wapi? Kwa tako. Mashindano yalikuwa yamebaki siku 19.

Nikaenda pale kliniki mwenyewe, mhudumu ananiambia "ni ya maumivu tu, mwalimu," nikakataa kutoka mpaka tukatoa kile kipakiti kwenye pipa. Triamsinoloni. Hii ni steroidi, lakini si ile ya kujenga misuli, ni jamii ya kotisoni, dawa halali kabisa hospitalini, na ndiyo imefanya wanariadha Wakenya wengi wafungiwe mashindano kuliko vijana wanavyodhani. Tangu Januari 2022 sindano zote za jamii hii ni marufuku wakati wa mashindano, haijalishi umedungwa wapi, na "wakati wa mashindano" unaanza saa sita kasoro dakika moja usiku wa kuamkia mbio.

Hapa ndipo vijana hutoa macho. WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, imetoa muda wa kusubiri dawa ipungue mwilini, na kwa triamsinoloni ikidungwa kwenye kiungo kama goti ni siku 10, lakini ikidungwa kwenye msuli kama tako ni siku 60, maana inakaa pale inavuja polepole. Dawa ileile, chupa ileile! Sasa yule wetu alikuwa na siku 19. Kuna kibali cha matibabu unaweza kuomba, ila lazima daktari aonyeshe ugonjwa aliopima na kwa nini hakuna dawa nyingine, na sisi hatukuwa na hata karatasi. Tukamtoa kwenye mbio. Alilia, mamake akaninunia, na ningemlaumu vipi mama aliyetaka tu mtoto apone.

Lakini sikiza sehemu ya afya sasa, kwa sababu hii ndiyo huwa nakaa nayo sana. Daktari mwingine alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, akaruka. Eksrei ya kwanza haikuonyesha kitu, ya wiki tatu baadaye ikaonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Yaani sindano ilizima maumivu, ufa ukabaki, naye akakimbilia juu yake kilomita 16 akidhani amepona. Na dawa yenyewe ikirudiwarudiwa inadhoofisha mifupa na kano, na mwili unaweza kuacha kutengeneza vizuri homoni yake yenyewe ya kotisoli.

Kuhusu haki sihubiri, nawapa hesabu ya pesa. Marathoni ya Boston 2014, Mkenya Rita Jeptoo alimaliza wa kwanza, baadaye akapatikana na EPO na ushindi huo ukafutwa. Aliyekuwa wa pili, Buzunesh Deba wa Ethiopia, alikuwa amekimbia saa 2:19:59. Akatangazwa mshindi mwisho wa 2016 bila utepe wala umati, na pesa ya mshindi akaisubiri miaka mingi. Nawauliza, hiyo pesa ingekuwa yako ungenunua nini? Darasa linawaka moto hapo.

Saplimenti nazo, mimi nasema hapana kwa umri wao. Kibandiko kinaweza kukosa kutaja kilichoingia kiwandani, na kipimo kikikupata unawajibika wewe, si muuzaji. Mayai matatu yana karibu gramu 18 za protini, nusu lita ya maziwa inakaribia hapo, sasa unga wa mkebe wa kazi gani?

Siku hizi kila mmoja ana daftari dogo. Kabla ya dawa yoyote anasema "mimi ni mwanariadha," halafu anaandika jina la dawa, kiasi, tarehe na imeingia kwa njia gani, anapiga picha kipakiti, ananitumia, nami nikiwa na shaka nauliza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, kabla hajadungwa. Tunafanya igizo, mimi nikiwa mhudumu mkali mwenye haraka, na wengi huogopa kuniuliza hata kwa mchezo, kwa hiyo tunarudia mpaka sauti itoke.

Yule msichana alirudi mbioni msimu uliofuata. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake amebandika kile kipakiti cha pipani, bado kina doa la chai.