Bei ya chini ilishindwa, na ripoti yetu ikasimama

Wiki iliyopita malalamiko ya mzabuni aliyeshindwa yalitupiliwa mbali. Najidai kidogo, niwieni radhi, maana miezi yote hiyo kuna mwenzetu mmoja kazini alikuwa akinong'ona kwamba katibu wa kamati kanunuliwa. Katibu ni mimi. Kwa hiyo leo naandika kwa wenzangu mnaoandika ripoti za tathmini, mnaojua uchungu wa kushukiwa kwa kazi mliyoifanya usiku.

Zabuni ilikuwa ya jenereta 6, bahasha mbili: ya kiufundi na ya bei. Nyaraka zilisema ufundi una uzito wa asilimia 70, bei 30, na asiyefikisha alama 70 za ufundi bahasha yake ya bei haifunguliwi. A alipata 88, B 81, C 64. C akaishia hapo.

Bei zikasomwa hadharani: A milioni 120, B milioni 100. Alama ya bei ni bei ya chini kabisa kugawanya kwa bei ya mzabuni, mara 100. B akawa na 100, A 83.3. Ukichanganya kwa uzito, A anapata 86.6 na B 86.7. Watu wakaanza kukusanya makaratasi, B kashinda.

Nikawaomba wakae. Katika jedwali la B, bei ya jenereta moja ilikuwa milioni 17. Kwa 6 ni 102, yeye kaandika 100. Nyaraka zetu zilisema wazi kwamba bei ya kizio ikipingana na jumla, bei ya kizio ndiyo inayoshika. (Kuna taratibu zinazosema kinyume, kwamba jumla iliyosomwa haiguswi. Soma za kwako kabla hujagusa tarakimu.) Tukampelekea B barua ya masahihisho, akayakubali kwa maandishi. Sasa bei ya chini ni 102, na hiyo inabadilisha alama za wote: B anabaki na 100, lakini A anapanda hadi 85. Jumla: A 87.1, B 86.7. Mshindi kageuka, na aliyegeuza ni milioni 2 za mpinzani wake.

Unaona hatari ilipo. Hesabu ni sahihi, lakini kwa mtu wa nje inanuka. Ndiyo maana sehemu ya masahihisho niliiandika kwa kirefu kuliko zote: bei iliyosomwa, kosa lilipo, kifungu kinachoruhusu, barua na jibu la B, kisha alama kabla na baada, zote mezani. Mkubwa mmoja alitaka nifute zile za kabla, eti zitazua maswali. Nilikataa. Maswali yangekuja tu, na jibu likikosekana ndani ya ripoti, utalitolea wapi baadaye?

Malalamiko ya B hata hivyo hayakugusa bei, maana alishaikubali kwa saini yake. Alishambulia alama za ufundi, hasa uzoefu: kwa nini A kapewa 24 kati ya 30? Ripoti ilikuwa inasema hivi: "Mikataba 5 ya aina hii ilitakiwa, alama 6 kila mmoja. Mikataba 4 imethibitishwa kwa barua za kukamilisha kazi, ukurasa wa 41 hadi 58. Wa tano hauna barua." Rasimu ya mjumbe mmoja ilikuwa na maneno mawili tu, "uzoefu mzuri." Kwa maneno hayo tungeumia. Ndugu zangu, sifa si sababu! Kila alama ionyeshe kigezo, ushahidi na ukurasa, na alama iliyokatwa ielezwe kama iliyotolewa.

Huyo huyo mjumbe alitaka kumwongezea A kwa sababu ya karakana yake kubwa. Karakana haikuwemo kwenye vigezo. Ingawa ingemsaidia aliyeshinda mwishowe, ingetuangusha sote.

Na wajumbe wakitofautiana sana, msichukue wastani kimyakimya. Kwenye kigezo cha matengenezo mmoja alitoa 18, mwingine 9, kwa ofa ile ile. Tulirudi kwenye ofa pamoja, tukakuta wa pili hakuiona ratiba ya vipuri iliyokuwa kwenye kiambatisho. Akabadilisha mwenyewe, akasaini pembeni na kuandika sababu. Karatasi ya kwanza haikuchanwa. Iko kwenye jalada pamoja na ya pili.

Pendekezo lenyewe lilikuwa na sentensi tatu: A apewe mkataba kwa bei yake ya milioni 120, amepata alama 87.1, za juu kuliko wote waliofuzu, kwa vigezo na uzito uliotangazwa; tofauti ya 0.4 na B inatokana na ufundi, ambako A amemzidi kwa pointi 4.9 baada ya uzito huku B akimzidi 4.5 kwenye bei. Sikuandika kwamba A ni kampuni inayoaminika. Hakuna kigezo kilichoniuliza hivyo.