Msimulizi anajua asichokijua Neema

Swali: “Sura yote ni ya Neema, nafsi ya tatu. Mhariri kapigia mstari hapa: ‘Neema alilia mpaka macho yakamwiva, asijue kwamba Juma alikuwa nyuma ya mlango.’ Kosa liko wapi?”

Jibu: Kosa ni “asijue kwamba”. Kama tunaona kwa macho ya Neema tu, nani katuambia Juma yupo? Na kuna la pili, dogo: bila kioo haoni macho yake yameiva, anasikia yanawasha tu. Igeuze sentensi iwe “mimi”, wakati uliopo: “Sijui kwamba Juma yuko nyuma ya mlango.” Ikichekesha hivyo, imeteleza. Usitumie wakati uliopita, maana “sikujua” haitachekesha hata kama kosa lipo. Aliyesimulia baadaye anaweza kuwa ameshajua. Kurekebisha, mpe Neema dalili: “Alilia mpaka macho yakamwasha. Mwanga chini ya mlango ulikatika, kisha ukarudi.” Msomaji atashuku mwenyewe. Kwenye mswada mzima, tafuta “bila kujua”, “asijue” na “hakuona”.

– Lakini nafsi ya tatu msimulizi anajua yote, sioni kosa.

– Akiwa msimulizi maizi, sawa, ila awe hivyo tangu kurasa za mwanzo. Huyu kakaa kichwani mwa Neema sura nzima.

– Mimi yangu ni “Juma alikasirika”, Neema yupo anamwona. Nifute?

– Inategemea. Kama uso wa Juma unaonyesha, acha. Kama anaficha, andika anachokiona Neema: kikombe kilivyowekwa mezani.