Umeuza kiwanja, bado unadaiwa kodi: barua ya kuliondoa jina lako

Kiwanja nilichouza 2013 kiko katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda, kando ya barabara iendayo Malaba. Mwaka 2024 mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kule alinitumia picha ya notisi kwa simu. Nilikuwa nadaiwa kodi ya majengo ya miaka sita, shilingi 216,000 kwa mwaka, jumla 1,296,000. Jina ni langu herufi kwa herufi, na mali iliyotajwa ni maduka ya kupangisha. Mimi niliuza ardhi tupu yenye migomba michache na choo kilichoanguka.

Ukipata karatasi kama hiyo, anza kwa kusoma ni deni gani, maana watu huchanganya mambo mawili. Kodi ya majengo hutozwa na halmashauri ya mji chini ya sheria ya 2005. Wathamini hukadiria kipato cha jengo kwa mwaka, kisha halmashauri hutoza asilimia yake, isiyozidi 12. Kwangu thamani ilikuwa 3,600,000 na kiwango asilimia 6. Kiwanja kitupu hakiingii humo, wala nyumba unayoishi mwenyewe. Pango la ardhi ni jambo lingine: hilo hulipwa na mwenye liizi, yaani aliyekodishiwa ardhi kwa muda maalumu, kwa aliyempa liizi, kwa mfano bodi ya ardhi ya wilaya. Ukipeleka barua ya pango kwa watu wa kodi ya majengo, itakaa kwenye faili ambalo hakuna anayelifungua.

Jina langu lilifikaje kwenye maduka ambayo sikuyajenga? Orodha ya wathamini na daftari la ardhi ni vitabu viwili tofauti, na hakuna kinacholazimisha kimoja kumwambia mwenzake kwamba mali imehama. Wathamini walipopita, mwenye maduka hakuwepo. Wapangaji wanamjua tu anayewatoza kodi ya upangaji, na majirani hadi leo hupaita kwa jina langu. Faili la zamani la mji nalo lilikuwa na jina hilohilo. Basi likaandikwa.

Sasa ushahidi. Wengi wetu hukimbilia mkataba wa mauzo wenye muhuri wa LC1. Ni karatasi nzuri, uitunze, lakini kwa ardhi yenye hati unaonyesha tu kwamba mlikubaliana na pesa zikapokelewa. Umiliki huhama siku uhamisho unapoandikishwa kwenye masijala ya ardhi, si siku mlipopeana mikono. Kinachomaliza ubishi ni taarifa ya upekuzi kutoka ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Unaandika barua ya kuomba upekuzi, unatoa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unalipa benki shilingi 10,000 na gharama ndogo ya benki, kisha unapewa karatasi yenye muhuri. Itazame sehemu tatu: jina la mmiliki, tarehe ya kuandikishwa, na namba ya waraka uliotumika kuhamisha. Namba hiyo ndiyo afisa yeyote anaweza kuifuatilia bila kukutegemea wewe.

Yangu ilionyesha uhamisho wa Machi 2014. Nikadhani yameisha. Nikaipeleka halmashauri. Binti wa kaunta akaitazama, akageuza kompyuta yake niione. "Mzee, hapa tuna Ploti 47. Wewe umeniletea 112 na 113."

Alikuwa na haki. Mnunuzi aliigawa ardhi vipande viwili, na ardhi ikigawanywa, hati ya zamani hufungwa na vipande hupewa namba mpya. Namba ya zamani imekufa masijala, lakini kwenye orodha ya kodi inaendelea kuzaa madeni. Hapo upekuzi wa hati mpya peke yake hausaidii, kwa sababu haumtaji muuzaji wa kwanza. Unahitaji upekuzi wa hati ya zamani, unaoonyesha kwamba ilitoka kwako kwenda kwa mnunuzi, kisha ikafungwa kwa kugawanywa kuwa namba fulani na fulani. Kuipata ni rahisi ukiwa na kopi ya hati uliyouza, kwa sababu pale juu pameandikwa namba ya kitabu na ya ukurasa wa daftari. Kwa hati ya liizi huanza na LRV, ikifuatiwa na Folio. Mimi huwa natoa kopi ya kila hati kabla haijatoka mkononi, na kopi hiyo ndiyo iliyoniokolea muda.

Barua yenyewe iwe fupi. Iandike kwa Karani wa Mji, nakala kwa mweka hazina. Usisimulie ulivyonyanyaswa, hiyo haisomwi. Yangu ilikuwa hivi:

"Yah: Notisi ya kodi ya majengo, Ploti 47, miaka 2018/19 hadi 2023/24. Mimi si mmiliki wa mali hii. Uhamisho kwenda kwa mmiliki mwingine uliandikishwa Machi 2014, kwa namba ya waraka iliyo kwenye taarifa ya upekuzi niliyoambatisha. Baadaye hati ilifungwa na ardhi ikagawanywa kuwa Ploti 112 na 113. Miaka yote inayodaiwa ni baada ya uhamisho. Naomba (1) jina langu liondolewe kwenye orodha ya kodi, (2) notisi hii ifutwe, na (3) nipewe majibu kwa maandishi. Nimeambatisha upekuzi wa hati ya zamani na wa hati mpya, kopi ya mkataba wa mauzo, na kopi ya kitambulisho changu."

Sentensi ya miaka ndiyo yenye uzito. Mwaka wa kodi huanza Julai 1 hadi Juni 30, kwa hiyo panga kila mwaka unaodaiwa mbele au nyuma ya tarehe ya uandikishwaji. Kama ulikuwa na jengo na kuna mwaka wa kabla ya hapo, tafuta risiti yake au ukubali kuulipa. Ukikana yote kwa pamoja, hata yale yasiyo yako yatatiliwa shaka.

Peleka kopi mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukishauriwa "lipa kidogo tu wasikusumbue", usikubali, wala usitie saini karatasi ya kulipa kwa awamu. Risiti yenye jina lako itakuwa ushahidi kwamba umekiri mali ni yako. Na jibu likija, omba uchapishiwe taarifa ya akaunti. Kuna barua nzuri za kufuta deni ambazo hazikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta, na Julai notisi inarudi.

Kuna hali moja ambayo barua hii haitafaa: upekuzi ukitoka na jina lako bado. Maana yake mnunuzi alichukua hati na fomu ulizosaini, akaziweka sandukuni, mara nyingi akikwepa ushuru wa stempu, ambao sasa ni asilimia 1.5 ya thamani. Hapo halmashauri haijakosea kukuandikia. Ambatisha mkataba, omba notisi ielekezwe kwa anayepokea kodi ya wapangaji, lakini kazi kubwa ni kumfuata mnunuzi, pamoja na mwenyekiti wa LC1, akaandikishe. Akiwa amefariki, familia yake haina wa kusaini hadi mtu apewe na mahakama barua za kusimamia mirathi, na muda wote huo notisi zitaendelea kuja kwa jina lako.