Hitma ya arobaini inatoka mfukoni mwa nani?

*Shehe, siku ya tatu, ya saba na arobaini zina asili katika dini, au ni mila tu?*

Hakuna aya wala hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.) inayowaagiza wafiwa wakusanye watu siku hizo. Wanaozitetea hutegemea zaidi kauli ya Tawus, mmoja wa tabiina, kwamba maiti hutahiniwa kaburini siku saba, na watu walipenda kuwatolea chakula siku hizo. Suyuti aliipokea kauli hiyo na kuitetea, ila ukiitazama vizuri inaishia kwenye saba. Wanaozipinga hushika kauli ya sahaba Jarir bin Abdillah kwamba wao walihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupika chakula baada ya maziko kuwa ni sehemu ya kuomboleza kulikokatazwa. Kwa Mashia arobaini ina uzito wa pekee, kwa sababu ya Arubaini ya Imam Husein inayoadhimishwa tarehe 20 Safari, baada ya Ashura.

Watu wengi hudhani ugomvi ni juu ya kumsomea maiti Kurani. Sivyo. Ibn Taymiyya, ambaye wapinzani wa hitma humtegemea sana, alikubali kwamba thawabu za kisomo humfikia maiti, na Nawawi ndiye aliyenukuu kwamba kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii ni kuwa hazimfikii. Kinachogombaniwa hasa ni kuifunga siku na kuwapikisha wafiwa. Imam Shafii mwenyewe, katika Al-Umm, aliuchukia mkusanyiko huo hata usipokuwa na kilio, kwa kuwa unafufua huzuni na unawabebesha watu gharama.

*Kaka yetu amefariki, ameacha mke, kijana mkubwa mmoja na mabinti wawili wadogo. Wazee wanasema arobaini ifanywe kwa pesa zake, "si mali yake mwenyewe?" Ni sawa?*

Si sawa, na hapa hata wanaoruhusu hitma hawana la kutetea. Alipokata roho, mali ilitoka mikononi mwake. Kwanza hulipwa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi.

Tuseme baada ya maziko kumebaki 1,000,000, anadaiwa 40,000, hakuacha wasia, na wazazi wake hawapo. Inabaki 960,000. Mke anapata thumni, yaani 120,000. Zile 840,000 zinagawanywa mafungu manne, mawili ya kijana na moja moja ya mabinti: kijana 420,000, kila binti 210,000.

Sasa wazee wachukue 320,000 za hitma kabla ya kugawa. Inabaki 640,000, na fungu la kila binti linashuka hadi 140,000. Kila binti amelipishwa 70,000 za chakula cha wageni, wakati hana umri wa kuridhia, na wala mama yake wala ami zake hawawezi kuridhia kwa niaba yake. Hii ndiyo mali ya yatima iliyoonywa katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: sufuria zinawekwa jikoni kabla mtu hajauliza deni wala kuhesabu mirathi.

Wakitaka kutoa sadaka, kijana atoe katika 420,000 zake na mama katika 120,000 zake, kwa ridhaa na si kwa kuonewa haya mbele ya wazee. Ndugu nao watoe mifukoni mwao. Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake. Jirani ndiye anayempikia mfiwa.

*Arobaini ikisomwa, mjane anatoka eda?*

Hapana. Eda yake ni miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Mume akifa tarehe 5 Rajabu, mke asiye mjamzito anamaliza 15 Dhulqaada. Kwa wafiwa wengine, kukaa matanga ni siku tatu tu.

*Mimi siamini arobaini, lakini shangazi ameniita kwa ajili ya mama yetu. Nisusie?*

Mwendee shangazi kabla ya siku yenyewe, umpe mkono wa taazia na umwombee mama pamoja naye. Muulize kama mama ana deni, na ulilipe. Kisha mwambie kwa upole fungu lako utalitoa sadaka kwa jina la mama, kama Saad bin Ubada alivyotoa shamba lake la mitende kwa ajili ya mama yake, bila kusubiri siku. Ukiona kutokwenda kutakata undugu, nenda usome na uombe dua. Chakula, kama hujui kimetoka katika mali ya nani na kuna watoto wadogo, usikile.